Namna ya kuandika kepsheni ya picha ya umati kwenye muziki wa laivu

Kila baada ya tamasha simu yangu hujaa picha zilizotumwa na ujumbe wa aina moja: "Niandike nini hapa?" Picha zenyewe huwa nzuri. Watu wamerukia hewani, midomo iko wazi, taa nyekundu zinawaka juu ya vichwa vilivyolowa jasho. Halafu chini yake mtu anaandika "Ilikuwa si mchezo" na alama tano za moto, na picha inakufa hapo hapo. Nimejibu swali hili moja moja kwa muda mrefu, sasa naliandika mara moja kwa wote.

Mfano nitakaoufuata ni wa Ngome Kongwe, Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwenye tamasha la Sauti za Busara linalofanyika huko karibu kila Februari tangu 2004. Nimeuchagua kwa sababu pale kila kitu kipo: kuta ndefu za mawe ya matumbawe zinazoizungushia sauti, joto la mwisho wa kaskazi lisilotulia hata usiku, na watu wa kila aina wamebanana mbele ya jukwaa. Ukiweza kuandika kepsheni ya picha ya pale, utaweza ya ukumbi wa Sinza, ya kiwanja cha Mombasa au ya harusi ya mtaani kwenu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kwanza, picha yenyewe, ile ya asili na si iliyopitia WhatsApp. WhatsApp huibana picha na kuifuta taarifa za saa na siku, na mambo madogo ya kwenye uso hupotea. Ukipiga picha nyingi, chagua moja. Kepsheni moja haiwezi kubeba picha kumi.

Pili, sekunde 20 za sauti. Hili ndilo watu wengi hawalifanyi, na kwangu mimi ndilo linaloleta tofauti kubwa kuliko yote. Ukishapiga picha unayohisi kwamba ndiyo, fungua kirekodi sauti cha simu, elekeza simu kwa watu na siyo kwa spika, uache sekunde 20 zipite. Kesho asubuhi utakumbuka kwamba palikuwa na kelele, lakini hutakumbuka kama zilikuwa vigelegele, mbinja, kuitikia kiitikio au mayowe tu. Rekodi itakukumbusha.

Tatu, mistari mitatu ya daftari au ya simu: jina la kundi kama wanavyoliandika wenyewe, wimbo wa ngapi tangu wapande jukwaani, na wewe ulisimama wapi. Jina la kundi linakili kutoka kwenye bango au ratiba, usiandike ulivyosikia. Na kama picha si yako, pata jina la mpiga picha kabla ya yote.

Hatua ya 1: Itazame picha kwa dakika mbili bila kuandika

Ikuze ijaze skrini. Anza pembe ya juu kushoto, shuka polepole, kama unavyosoma ukurasa. Kisha orodhesha vitu unavyoviona kwa macho tu. Usiandike "furaha", maana furaha huioni. Unaona meno. Unaona mkono ulioinua ndara. Unaona mtoto aliyeziba masikio.

Kwenye picha ya mfano wetu orodha yangu ilikuwa hivi: mama mmoja mtu mzima, amevaa dera lililolowa, kanga ameifunga kiunoni, mkono wa kulia uko juu ya mdomo, ulimi unaonekana, mkono wa kushoto umeshika ndara mbili juu kabisa ya kichwa, ncha ya kanga imepeperuka juu, tone moja la jasho liko kidevuni, taa imelipiga linang'aa, nyuma yake kushoto mtoto amebebwa mabegani, viganja vyote viwili viko masikioni, nyuma kabisa, ukuta wa ngome na vichwa vingi visivyo na sura.

Orodha hiyo ndiyo malighafi yote. Kitu kisichomo ndani yake, ama kimo kwenye daftari au kwenye rekodi, ama hakina nafasi kwenye kepsheni.

Hatua ya 2: Chagua mtu mmoja

Umati haufanyi kitu. Mtu ndiye anayefanya. Ukiandika "mashabiki walishangilia", msomaji haoni mtu yeyote, anaona neno. Ukiandika kuhusu mama mwenye ndara mkononi, anamwona huyo, kisha macho yake yenyewe yanakwenda nyuma kuwatazama waliobaki.

Chagua ambaye mwili wake wote unafanya kazi. Mara nyingi si yule aliye katikati, wala si yule anayetazama kamera. Anayetazama kamera ameshaondoka kwenye muziki, yuko kwenye picha. Tafuta aliyefumba macho, aliyegeuza shingo, anayemshika mwenzake bega.

Tahadhari hapa ni moja na ni kubwa: usimpe mtu undugu, umri wala habari usiyoijua. Mwanamume aliyembeba mtoto huenda si baba yake. Watu wawili waliokumbatiana huenda ni dada na kaka, huenda ni majirani. "Mama" kwa Kiswahili ni neno la heshima kwa mwanamke mtu mzima, kwa hiyo linafaa. "Mama na mwanawe" ni madai, na unahitaji kuuliza kwanza.

Hatua ya 3: Isikilize sauti kwenye midomo

Picha haina sauti, lakini midomo inaihifadhi. Jifunze kuisoma.

Kigelegele kina alama zake: mdomo wazi, ulimi unaonekana na mara nyingi umefifia kwa sababu ulikuwa unatikisika, na kwa wanawake wengi wa pwani mkono huja juu ya mdomo. Mbinja ni vidole viwili mdomoni na mashavu yaliyoingia ndani. Mayowe hukaza shingo, mishipa inasimama.

Kuimba pamoja ndiko kunakonifurahisha kukisoma. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia kwa irabu, na umati ukipewa kiitikio huivuta silabi ya mwisho. Kwa hiyo kamera ikikamata mwisho wa mstari, utakuta midomo ya safu nzima ina umbo moja. Taya zikiwa zimeshuka wote, walikuwa kwenye "a". Midomo ikiwa imevutwa pembeni na meno yanaonekana, ni "i" au "e". Ikiwa ya mviringo, ni "o" au "u". Midomo yenye maumbo tofauti tofauti, basi hawakuwa wakiimba, walikuwa wakipiga kelele kila mtu ya kwake. Sikiliza rekodi yako uthibitishe. Sasa unaweza kuandika "safu nzima ya mbele iko kwenye 'a' moja ndefu", na msomaji ataisikia, jambo ambalo "waliimba kwa sauti kubwa" haliwezi kulifanya.

Sauti unaweza pia kuipata kwa yule inayemfikia. Mtoto aliyeziba masikio anakueleza ukubwa wa kelele kuliko neno lolote. Vivyo hivyo glasi ya maji iliyo juu ya spika na uso wake una mawimbi, au mlinzi wa jukwaani aliyekunja uso. Besi haisikiki kwenye picha, lakini mtu aliyeweka kiganja kifuani anaionyesha.

Hatua ya 4: Lipe jasho mahali pake

"Jasho jingi" ni maneno matupu. Sema liko wapi na linafanya nini. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha na kila kimoja kina hali yake. Jasho likitiririka, ni mstari unaoendelea, tuseme shavuni au mgongoni. Likichuruzika, ni mstari mwembamba zaidi na wa taratibu. Likidondoka, ni tone moja moja linaloachia kidevuni au kwenye ncha ya pua. Nguo ikigandia mwilini, jasho limeshamaliza kazi muda mrefu uliopita. Tazama picha, kisha chukua kitenzi kinacholingana na unachokiona.

Hapa niliwahi kukosea vibaya. Niliandika kwamba kijana wa safu ya mbele "ameloa jasho tangu kichwani", na picha ikasambaa. Siku mbili baadaye yeye mwenyewe akaniandikia kwa upole: "Kaka, yale yalikuwa maji. Mwimbaji alitumwagia chupa." Tangu siku hiyo huangalia kitu kimoja kabla ya kuandika neno jasho. Maji ya kumwagiwa hulowesha nywele na mabega kwanza, na huacha michirizi mikubwa na sehemu kavu. Jasho huanzia kifuani, kwapani na katikati ya mgongo, na paji la uso hung'aa lote kwa usawa. Ukiwa huna hakika, andika "amelowa" tu, bila kusema kwa nini.

Joto nalo lina ukweli wake. Februari Zanzibar upepo wa kaskazi unaelekea kukatika, unyevu uko juu, na ndani ya kuta za ngome hewa haizunguki vizuri. Hapo mtu hulowa akiwa amesimama tu. Kwa hiyo jasho peke yake halionyeshi kwamba alicheza. Ukitaka kuonyesha kucheza, tafuta kitu kilichonyanyuka: ncha ya kanga, hereni, msuko ulioruka, mkufu uliotoka kifuani. Kwenye picha yetu ni ile kanga.

Hatua ya 5: Tumia -na- na -me-, na neno moja la sauti

Magazeti yetu yametuzoesha "Pichani, mashabiki wakifuatilia burudani". Hiyo -ki- inaning'inia, haifiki popote, na msomaji anabaki akisubiri kitenzi kikuu. Kwa picha ya umati tumia -na- kwa tendo lililokuwa likiendelea kamera ilipofyatuka (anapiga, anaruka, linadondoka), na -me- kwa hali iliyokwishatulia (amefumba, limelowa, ameziba). Ziweke hizo mbili karibu karibu na picha itatembea. Achana na -li-. Inampeleka msomaji kwenye habari ya jana, wakati wewe unataka awe pale.

Kisha kuna tanakali. Lugha yetu imejaliwa maneno yanayobeba sauti na hali ndani yake: kulowa chapachapa, kujaa pomoni, kushika ndi, kuanguka pu. Chukua moja. Ukiweka mbili kwenye kepsheni moja zinapigana, na ukiweka tatu inakuwa kama mtangazaji wa mpira. Na lazima liwe kweli: "pomoni" ni pale ambapo huoni ardhi wala nafasi kati ya bega na bega. Kama nyuma kuna uwazi, usiliguse neno hilo.

Maneno ya mtaani kama "mzuka umepanda" au "pamewaka" yanafaa kwa ukurasa wa kundi lenyewe, ambako wasomaji ni wale wale waliokuwa uwanjani. Kwa gazeti, au kwa ukurasa wa tamasha linalosomwa Nairobi, Bujumbura na Maskati, maneno hayo huzeeka haraka na wengine hawayajui.

Hatua ya 6: Ufuate mwendo wa muziki wenyewe

Singeli, iliyozaliwa uswahilini Dar es Salaam ikitokana kwa sehemu na mchiriku, hukimbia kwa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Kepsheni yake iwe na vipande vifupi, mikato mingi, hakuna kiunganishi cha kuivuta nyuma. "Ndara mkononi, ulimi hewani" ni mwendo wa singeli.

Picha ya taarabu haiwezi kuandikwa hivyo. Pale watu hunyanyuka mmoja mmoja, kwa madaha, na noti mkononi kwenda kumtuza mwimbaji. Furaha yake ni ya taratibu na ina ujumbe, maana anayetuza kwenye mstari fulani mara nyingi anamsemesha mtu aliye ukumbini. Sentensi iwe ndefu, itembee naye kutoka kitini hadi jukwaani. Dansi iko katikati: waache wachezaji wawili wazunguke kwanza, kitenzi kije baadaye.

Isome kepsheni yako kwa sauti huku rekodi ikicheza. Ukijikuta unaishiwa pumzi kabla ya nukta, ikate.

Hatua ya 7: Mwisho, weka mahali na wakati

Sentensi ya mwisho ni ya taarifa: nani alikuwa jukwaani, wapi, lini, picha ya nani. Watu huiweka mwanzoni na kuiua kepsheni. Instagram hukubali hadi herufi 2,200, lakini kwenye simu huonyesha kama 125 za mwanzo kisha huikata. Nafasi hiyo ya mwanzo mpe mtu wako, usimpe jina la ukumbi.

Saa na siku zina mitego mitatu ya kwetu.

Saa ya kamera ikisema 21:40, kwetu ni saa tatu na dakika 40 usiku. Ukiandika "saa 9:40 usiku" unamaanisha karibu na alfajiri. Hilo limo kwenye kepsheni nyingi mno.

Kamera ya mtu aliyekuja kutoka nchi nyingine huenda haijarekebishwa. Iliyowekwa saa ya Maskati iko saa moja mbele ya Zanzibar. Linganisha na ratiba ya tamasha kabla ya kuiamini.

Na "usiku wa Ijumaa" si "Ijumaa usiku". Kwa hesabu ya zamani ya pwani siku huanza jua linapotua, hivyo wazee wengi wakisoma "usiku wa Ijumaa" wataelewa Alhamisi baada ya magharibi. Andika "Ijumaa usiku". Kama picha ilipigwa baada ya saa sita, "usiku wa kuamkia Jumamosi" haina utata kwa yeyote.

Mfano mzima, kutoka mwanzo hadi mwisho

Haya ndiyo yaliyoandikwa mara ya kwanza chini ya picha ya yule mama:

"Ilikuwa si mchezo! Umati mkubwa ulifurika na kila mtu alifurahia burudani kali."

Hakuna neno hata moja hapo linalohitaji picha hii. Unaweza kuyaweka chini ya picha ya mechi ya mpira au ya mkutano wa kampeni na yasigongane na chochote. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza: kepsheni ikihamia chini ya picha nyingine bila kulalamika, irudi jikoni.

Jaribio la pili:

"Mama akishangilia kwa furaha huku akiwa amelowa jasho katika onyesho la singeli Ngome Kongwe."

Afadhali, kuna mtu. Lakini "akishangilia kwa furaha" inamwambia msomaji ahisi nini badala ya kumwonyesha. Ameshangilia vipi? Mkono ulioko mdomoni unajibu, na rekodi inathibitisha: kigelegele. "Huku akiwa" ni kamba inayoburuza sentensi. Na mtoto, ambaye ndiye anayetuambia kelele ilikuwa kubwa kiasi gani, hayumo kabisa.

Ya tatu, iliyobaki:

"Ndara mkononi, ulimi hewani: mama anapiga kigelegele na pembeni mtoto aliyebebwa mabegani ameziba masikio yote mawili. Jasho linamdondoka kidevuni, dera limelowa chapachapa, na huu ni wimbo wa tatu tu. Singeli ndani ya Ngome Kongwe, Zanzibar, Ijumaa usiku."

Baada ya hapo huja jina la kundi, tarehe kamili na jina la mpiga picha. Tazama jinsi kazi ilivyogawanyika. Kelele imebebwa na kigelegele na masikio yaliyozibwa, na neno "kelele" halikuandikwa. Jasho liko mahali pawili panapoonekana. Furaha haikutajwa hata kidogo, ila mwanamke mtu mzima aliyevua ndara akazinyanyua juu ya kichwa hahitaji kutajiwa furaha. "Wimbo wa tatu tu" umetoka kwenye daftari, na ndio unaomfanya msomaji awaze usiku ulivyokuwa kufikia wimbo wa kumi. Sentensi ya kwanza ina herufi karibu 120, kwa hiyo inaingia yote kabla simu haijaikata.

Niliikata kanga iliyopeperuka, ingawa niliipenda. Picha inaionyesha waziwazi, na sentensi ilikuwa inaanza kulemewa.

Makosa yanayorudi kila mara

Kukadiria idadi. "Maelfu ya mashabiki" kwenye picha inayoonyesha watu 60 ni uzushi, na waliokuwapo watakuumbua. Kama unataka namba, muulize mwandaaji, na useme ni yeye aliyesema.

Kunukuu mashairi ya wimbo. Inavutia, hasa ukisikia kiitikio kwenye rekodi, lakini mara nyingi tunayasikia vibaya, na mashairi yana mwenyewe. Taja wimbo kwa jina lake kama umethibitisha.

Kumtaja mtu wa kwenye umati kwa jina bila idhini yake. Na zaidi ya jina, fikiri juu ya hali yake. Mtu mwenye chupa ya bia mkononi, msichana aliyevua mtandio kwa sababu ya joto, kijana aliyemwambia mwajiri anaumwa: hawa picha inaweza kuwaharibia nyumbani. Ukiweza, mwonyeshe picha pale pale uwanjani na umuulize, "Naomba kuiweka, sawa?" Kwa mtoto anayetambulika uso, muulize mzazi. Ukikosa, chagua picha nyingine au kata fremu. Mtoto wa mfano wetu amefunikwa nusu ya uso na viganja vyake na yuko gizani, na bado aliyembeba aliulizwa.

Alama za moto na makofi. Moja mwishoni haidhuru. Zikianza kukaa mahali pa maneno, ondoa zote uone kimebaki nini.

Likikwama

*Picha ina migongo tu, hakuna uso.* Mgongo unasema. Shati lililogandia katikati ya uti wa mgongo, mikono iliyoinuliwa, vidole vimefungwa au viko wazi. Andika kutoka nyuma: wewe msomaji umesimama hapo, huoni jukwaa, unaona shingo zinazong'aa. Usijaribu kueleza nyuso ambazo hazionekani.

*Simu zimeinuliwa kila mahali.* Usizilalamikie kwenye kepsheni. Mtafute mmoja asiyeshika simu, kisha mwandike huyo. Mwanga wa skrini kwenye uso wake mara nyingi ndio unaokuonyesha jasho.

*Picha imetikisika au ina giza totoro.* Mtikisiko ni mwendo. Vitenzi vya kuruka na kuzunguka vinaruhusiwa zaidi hapa, na maelezo madogo yapungue, maana msomaji hatayaona na atahisi unabuni.

*Watu walikuwa wachache.* Basi andika wachache. Watu saba wanaocheza mbele ya jukwaa kubwa, viti vitupu nyuma yao, na hakuna hata mmoja aliyekaa: hiyo ni kepsheni nzuri na ni ya kweli.

*Hukurekodi sauti na hukumbuki.* Mtumie ujumbe mtu mwingine aliyekuwapo, umuulize swali finyu: "Pale taa zilipokuwa nyekundu, watu walikuwa wanaimba au wanapiga mbinja?" Ukiuliza "Ilikuwaje?" utajibiwa "ilikuwa si mchezo". Video za wengine za dakika ile ile nazo husaidia.

*Midomo yote imefungwa.* Huenda ulipiga katikati ya nyimbo mbili, au wakati ambapo mwimbaji alishusha sauti na umati ukakaa kimya jii kumsikiliza. Usiilazimishie kelele picha ya namna hiyo. Tazama vifua na mabega, watu wanapumua. Tazama viganja vinavyofuta nyuso, mtu anayekunywa maji, kanga inayotumika kujipepea. Andika pumzi hiyo, na daftari likikuambia wimbo uliotangulia ulikuwa mkali, msomaji ataisikia kelele iliyopita punde.

*Mtu aliyemo kwenye picha anaomba iondolewe.* Iondoe siku hiyo hiyo, bila kubishana, umjibu kwamba umeshaitoa. Kama ilichapishwa na wengine pia, mwambie ni wapi, kisha uwaandikie wewe.